Droo moja ya friza: nilichojifunza kwenye ofa za supamaketi na stika za njano

Nyumba tuliyopanga Birmingham ilikuwa na watu watano na friza moja yenye droo tano. Yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu. Ukiipanga vizuri inaingia mkate mmoja, pakiti nne za nyama na mfuko wa njegere, basi. Naanza na hiyo droo kwa sababu miezi minane ya mwanzo nilinunua vitu supamaketi kama mtu mwenye jokofu la bucha, na pesa niliyodhani naiokoa nikawa naitupa kila Jumatano usiku, kuamkia siku ya gari la taka.

Nimekulia Morogoro. Sokoni ukichukua mafungu matatu ya nyanya, mama muuzaji anakuongezea mbili tatu juu, na ukichukua debe bei inashuka zaidi. Kununua kingi ni kununua rahisi, hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilipokutana na mabango mekundu ya "tatu kwa pauni 10" na "nunua viwili upate na cha tatu", sikuona cha kufikiria. Tena kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, zamu za saa kumi na mbili, na mtu aliyetoka zamu ya namna hiyo hapigi hesabu mbele ya rafu. Anachukua, anatia kikapuni, anawahi basi.

Aliyenizindua ni dada mmoja wa Mombasa tuliyekuwa tukiishi naye. Alinikuta natupa mifuko miwili ya mchicha uliogeuka uji, hata mmoja haujafunguliwa. Hakunihubiria. Alisema tu, "Mdogo wangu, hebu weka risiti zako kwenye bahasha. Na kila unachotupa, kiandike nyuma ya risiti yake na bei yake." Nikafanya hivyo kwa wiki sita. Jumla nilinunua chakula cha pauni 214, nikatupa cha pauni 37. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika hizo 37, pauni 29 zilikuwa za vitu vya ofa au vya stika za njano za bei iliyopunguzwa. Vitu nilivyonunua kwa bei kamili nilivila karibu vyote, kwa sababu nilivinunua nikiwa navihitaji.

Tuuchukue huo mchicha, maana ndio ulionifundisha hesabu. Mfuko mmoja ulikuwa pauni 1.50, miwili pauni 2.50. Mimi nilikuwa naona mifuko ya pauni 1.25 kila mmoja, nimeokoa nusu pauni. Dada akaniuliza, "Ulikuja kununua mingapi?" Mmoja. "Basi huo wa kwanza ni pauni 1.50 kama kawaida. Wa pili umeulipia pauni moja. Umekula kiasi gani cha huo wa pili?" Hapo ndipo penyewe. Mfuko wa pili ulinigharimu pauni moja badala ya moja na nusu, kwa hiyo ili niwe nimepata faida yoyote nilipaswa kula zaidi ya theluthi mbili zake. Nikila nusu tu, hiyo nusu ingekuwa ya peni 75 kwa bei ya kawaida, nami nimeilipia pauni nzima. Nikiutupa wote, nimelipa 2.50 kwa mchicha wa 1.50.

Tangu siku ile sigawanyi tena bei ya ofa kwa idadi ya vitu. Najiuliza hiki cha ziada, ambacho sikukijia, kinanitoa kiasi gani mfukoni, na nitakila kabla hakijaharibika? Kwa "nunua viwili upate cha tatu", kama nilikuja kununua kimoja, hivyo viwili vya ziada vinanigharimu bei ya kimoja. Hakuna cha bure hapo. Kama nilikuja kununua viwili, hapo ndipo cha tatu ni cha bure kweli. Ofa ni ileile na rafu ni ileile, ila faida inategemea ulichokuwa nacho kichwani wakati unaingia mlangoni.

Sisemi ofa zote ni mtego. Mchele, mafuta, sabuni, nyanya za kopo, dawa ya meno, vitu hivi havina haraka. Lakini hata hapo nilipigwa kwa njia nyingine. Mafuta ya alizeti ya lita moja yalikuwa pauni 2.20 chupa, mbili kwa pauni 4. Nikachukua mbili nikiwa na furaha. Wiki iliyofuata nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikaona rafu ya chini kabisa dumu la lita tatu kwa pauni 5.40. Piga hesabu: chupa mbili za ofa ni pauni 2 kwa lita, dumu lisilo na bango lolote ni pauni 1.80 kwa lita. Ile ya ofa imewekwa usawa wa macho, imepambwa nyekundu. Nafuu imelala chini.

Kumbe hesabu hiyo mara nyingi unaikuta imeshapigwa. Kwenye kibandiko cha bei kilichopo rafuni, kando ya tarakimu kubwa, kuna maandishi madogo yanayosema bei kwa kilo, kwa lita, au kwa gramu 100. Huku Uingereza sheria inayataka maduka makubwa yaonyeshe hivyo. Miezi minane nimekuwa nikipita mbele ya maandishi hayo bila kuyaona, kwa udogo wake. Siku hizi nayasoma hayo kwanza, kisha bei yenyewe. Angalia tu wasikuchanganye: chupa hii wameandika kwa lita, ile ya jirani wameandika kwa mililita 100, na macho yaliyochoka yanaona "peni 20" ni ndogo kuliko "pauni 1.80", kumbe peni 20 kwa mililita 100 ni pauni 2 kwa lita. Na mara nyingi nimekuta kibandiko kinaonyesha bei kwa kilo ya pakiti moja tu, si ya ofa. Hapo natoa simu. Jumla ya bei, gawanya kwa jumla ya kilo. Sekunde kumi.

Halafu kuna mambo ya kaunta, ambako ofa hufa kimyakimya. Ukikusanya vitu vitatu vya "tatu kwa", mashine inavihesabu kila kimoja kwa bei kamili kwanza, halafu punguzo linatokea chini ya risiti kama mstari wa kutoa. Usipouona huo mstari, hukupata ofa. Kwangu ilitokea mara mbili. Ya kwanza, kimoja kati ya vitatu kilikuwa cha ladha nyingine ambayo haimo kwenye ofa, ingawa kilikaa rafu hiyohiyo chini ya bango hilohilo. Ya pili, bei ilikuwa ya wenye kadi ya duka na mimi kadi niliiacha nyumbani. Siku hizi nikishalipa nasimama pembeni, nasoma risiti mle mle ndani. Kama kuna kosa naenda meza ya huduma kwa wateja na bidhaa na risiti mkononi, wananirudishia. Ukishafika kituo cha basi, nani atarudi kwa ajili ya pauni mbili?

Sasa tuje kwenye stika za njano, maana huko ndiko nilikopata faida kubwa na hasara kubwa kuliko zote.

Stika ya njano ni ile wanayobandika juu ya chakula ambacho tarehe yake imekaribia. Mfanyakazi anapita na kimashine cha mkononi, anapiga msimbo wa mistari wa zamani, kinatema stika mpya yenye bei mpya na msimbo mpya. Mara nyingi havipunguzwi mara moja. Asubuhi au mchana wanakata kidogo, robo hivi, na jinsi saa za kufunga zinavyokaribia wanarudia, mpaka nusu, hata robo tatu ya bei. Kila duka lina saa zake, na hakuna njia ya kuzijua isipokuwa kwenda na kutazama. Unaweza pia kumuuliza mfanyakazi kwa adabu. Wengi watakujibu.

Jumapili ni siku ya pekee. England na Wales, maduka makubwa, yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280, yanaruhusiwa kufungua kwa muda wa saa sita tu siku hiyo, na mengi hufungua saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Hiyo ni sheria ya mwaka 1994. Kwa hiyo punguzo la mwisho, ambalo siku nyingine lingekuja usiku, Jumapili linakuja alasiri. Kwa mtu wa zamu za usiku kama mimi hilo lilikuwa jambo kubwa. Na kwa kuwa maduka hayo lazima yafunge Krismasi na Jumapili ya Pasaka, jioni ya kuamkia siku hizo friji la stika huwa limejaa. Na watu nao wamejaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini rangi. Nikiona njano, mkono unakwenda wenyewe. Kumbe stika ya asubuhi, ile ya mwanzo, mara nyingi haishuki hata kufikia bei ya kawaida ya kitu cha jirani. Mtindi wa kampuni yenye jina ulikuwa pauni 2.60, umepunguzwa hadi 1.70. Mtindi wa duka lenyewe, ujazo uleule, bila stika, ukiwa na siku kumi na mbili mbele yake, ulikuwa pauni 1.10. Nilichukua wa njano. Stika inakueleza ilivyokuwa bei ya kitu hichohicho jana, haikuelezi bei ya kingine kilicho hatua mbili kutoka hapo.

Kosa la pili linachekesha ukiwa umeshalisahau. Kulikuwa na ofa ya nyama, pakiti tatu kwa pauni 10, moja ikiwa pauni 4. Nikachukua mbili za kawaida, ya tatu nikaikuta na stika ya pauni 3. Nikajiona mjanja, ofa juu ya punguzo! Risiti ikaja pauni 11. Katika duka lile, pakiti ikishabandikwa stika inapata msimbo mpya, na msimbo huo haumo kwenye ofa. Zile mbili zikabaki mbili, nane, jumlisha tatu. Ningechukua ya tatu isiyo na stika ningelipa kumi. Yaani punguzo la pauni moja limenigharimu pauni moja. Sijui kama kila duka liko hivyo, lakini mimi sivichanganyi tena bila kuangalia kioo cha mashine kabla ya kulipa.

Kosa la tatu ni la mashine za kujilipia mwenyewe. Stika inatakiwa kufunika msimbo wa zamani, lakini mara nyingine wanaibandika pembeni, na mashine inasoma msimbo wowote utakaoanza kuuona. Nimewahi kulipa mkate kwa bei kamili ilhali stika ya peni 35 inanitazama. Ukipitisha, funika wa zamani kwa kidole gumba.

Hayo yote ni ya senti. La nne ndilo liliniumiza.

Kwenye chakula cha huku kuna tarehe za aina mbili, na miezi yote hiyo nilizisoma kama moja. Ya kwanza imeandikwa kwa maana ya "tumia hadi tarehe fulani". Hiyo ni ya usalama, iko kwenye nyama mbichi, samaki, vyakula vilivyopikwa tayari na saladi za mifukoni. Ikipita, hata duka lenyewe haliruhusiwi kisheria kukiuza, ndiyo maana wanakimbizana kubandika stika. Ya pili ina maana ya "bora kabla ya tarehe fulani". Hiyo ni ya ubora. Iko kwenye mkate, biskuti, mchele, makopo. Ikipita, biskuti inaweza kulegea au mkate ukakauka, lakini kitu hakijawa hatari kwa sababu ya tarehe, na duka linaruhusiwa kuendelea kukiuza.

Jumapili moja, saa 9 na robo alasiri, nikakuta neema. Mapaja ya kuku kilo moja kwa peni 90, kutoka pauni 3. Nyama ya kusaga pakiti mbili. Mikate mitatu. Samaki. Vyote vya "tumia hadi" vilikuwa vya siku ileile. Nikalipa kama pauni 7 kwa vitu vya pauni 22 hivi, nikarudi nyumbani natembea kama mshindi wa bahati nasibu. Nafika, navuta droo yangu: ina mkate, njegere na pakiti tatu za wiki iliyopita. Nikasukuma, nikapanga, nikatoa njegere. Kuku hakuingia. Nikamweka kwenye friji nikisema nitampika usiku huu huu.

Usiku ule nikapigiwa simu, mwenzangu kaumwa, nishike zamu yake. Nimerudi Jumatatu asubuhi, nimelala, nimeamka jioni. Nikamtoa kuku, nikamnusa. Hana harufu. Nikasema hawa Wazungu waoga, nyumbani nyama inashinda ikining'inia buchani. Nikapika kwa ndimu na pilipili, nikala.

Sitaapa kwamba ni yule kuku. Lakini Jumanne alfajiri nilikuwa chooni, na nikashinda huko. Ndipo nilipojifunza kwa njia ngumu mambo mawili. La kwanza, Mamlaka ya Viwango vya Chakula ya huku inasema wazi usiamue kwa pua chakula cha tarehe ya usalama, kwa sababu vijidudu vinavyoleta ugonjwa si lazima vitoe harufu. Ile nyama ya bucha ya Morogoro ilichinjwa alfajiri ileile na kuliwa jioni. Huyu kuku alikuwa na siku kadhaa ndani ya plastiki. La pili ni la kazi yangu: ukitapika au kuharisha, mtunza wazee haruhusiwi kurudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. Niliumwa siku moja na nusu, nikakosa kazi zamu tatu. Wakati ule siku tatu za kwanza za ugonjwa zilikuwa hazilipwi na mwajiri. Niliokoa pauni 2.10 kwenye kuku, nikapoteza mshahara wa saa thelathini na sita.

Dada wa Mombasa aliniletea uji. Akauvuta ule mlango wa friza, akatazama droo yangu, akasema, "Hukukosa pesa, ulikosa nafasi."

Baada ya hapo nikajifunza friza vizuri, na hii ndiyo sehemu ningependa aliyefika juzi aisome kwa utulivu. Chakula cha "tumia hadi" unaweza kukigandisha wakati wowote kabla ya siku hiyo kwisha, yaani hata saa 4 usiku wa siku yenyewe. Ila friza husimamisha saa tu, hairudishi nyuma. Ulichokigandisha siku yake ya mwisho, ukikitoa kina siku hiyo moja tu: kiyeyushie ndani ya friji, si mezani, na ukile ndani ya saa 24. Kwa hiyo nikitoa mapaja jioni, napika kesho yake jioni. Friji lenyewe liwe nyuzi 5 au chini yake. La kwetu nililipima kwa kipimajoto cha pauni tatu, nikakuta 8. Tulikuwa tunalijaza mno na kuliacha wazi tukipiga soga.

Kwa nafasi, niliacha kugandisha nyama na sahani yake ya plastiki. Nyama ya kusaga naigawa gramu 250 kwa mfuko, naisawazisha kwa kiganja mpaka iwe bapa kama daftari, naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, naisimamisha kama vitabu. Droo iliyokuwa ikibeba pakiti nne sasa inabeba mifuko tisa, na inayeyuka haraka zaidi. Mkate uliokatwa unagandishwa kama ulivyo na slesi zinaingia kwenye tosta moja kwa moja. Maziwa nayo hugandishika, ila mimina kidogo kwanza, maana yanatanuka, na ukiyayeyusha yatikise. Tango, saladi na majani ya kuliwa mabichi usijaribu, utatoa kitambaa cha kudekia.

Mchicha wa stika nauchukua kwa sharti moja tu, kwamba unapikwa usiku huo. Nauchemsha kidogo, naukamua, nautia nazi, na kilichobaki ndicho kinachogandishwa.

Neno kuhusu ofa za sasa, kwa sababu sura ya maduka imebadilika. Tangu Oktoba 1, 2025, England imekataza maduka ya kati na makubwa kutoa ofa za "nunua kimoja upate kingine" na "tatu kwa bei ya mbili" kwenye vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi, kama chokoleti, krisps, biskuti na soda za sukari. Binafsi sikulia. Katika ile bahasha yangu, krisps za ofa ndizo pekee ambazo sikuwahi kutupa hata moja, na hiyo si sifa: nilikula mifuko kumi na mbili ndani ya siku nilizokuwa nakula sita. Kitu cha ziada hakiozi, bali kinaisha upesi zaidi, na wiki ijayo unanunua tena.

Kinachotawala sasa ni bei za wenye kadi. Wengi wetu tunashuku kwamba wanapandisha bei ya kawaida ili ya kadi ionekane ndogo. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilichunguza bidhaa kama 50,000 za namna hiyo, ikatoa matokeo Novemba 2024: asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka lilelile. Lakini ikaongeza kwamba bei ya kadi si lazima iwe ya chini kuliko ya duka la jirani. Hilo ndilo nililoliona mwenyewe. Kadi ninazo, ni za bure, lakini nyanya, vitunguu na pilipili hoho nanunua soko la wazi la Bull Ring, kwa bakuli. Muuzaji anamwaga bakuli zima kwenye mfuko wako, na nikiona hivyo nakumbuka mafungu ya Morogoro. Hata huko tazama zilizo chini ya bakuli kabla hajamwaga.

Mwezi uliopita nilikwenda na kijana mmoja aliyekuja kusoma, katokea Dodoma, ana wiki tatu tu hapa. Jumapili, saa 9 na dakika ishirini. Mfanyakazi alikuwa ndiyo kwanza anamaliza raundi ya mwisho, na watu wamelizunguka friji la stika wakijifanya hawana haraka. Kijana akakamata kuku wawili wazima, mtungi wa krimu, saladi tatu na keki.

"Dada, hii ni bure kabisa!"

"Droo yako ina nafasi gani?"

Akanyamaza, akafikiri. "Kuna robo tatu ya pizza."

"Na kesho unapika saa ngapi?"

Kesho ana darasa mpaka saa 12 jioni. Tukarudisha saladi, krimu, na kuku mmoja. Akaing'ang'ania keki, nikamwachia, tarehe yake ilikuwa ya "bora kabla" na vijana wanne wanaishi kwenye ile nyumba. Mimi nilichukua nyama ya kusaga pakiti moja na mikate miwili. Kwenye mashine nikafunika msimbo wa zamani kwa kidole, nikasoma risiti mlangoni: pauni 2.05.

Nyumbani nikaigawa nyama mafungu mawili, nikayabapaza, nikaandika tarehe. Mkate mmoja nikampa mwenye droo ya nne. Yangu ikafunga bila kusukumwa.